Kausha Kwanza, Kisha Ziba: Video ya Kuhifadhi Mahindi kwa Watu wa Kisiwani

(Mhadhara uliotolewa Mji wa Kale, Mombasa, mbele ya maafisa wa kilimo wa nyanjani, wakaazi wa kisiwani wenye mashamba ng'ambo, na vijana wanaorekodi video za mafunzo)

Nimeombwa nizungumze juu ya video zinazowafundisha wakulima kuhifadhi nafaka. Nitaanza na sentensi moja iliyomo katika nyingi ya video hizo: "Hifadhi nafaka yako mahali pakavu, penye kupitisha hewa." Msimulizi huitamka kwa sauti tulivu, na kamera hutuonyesha ghala la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo, milima kwa mbali, mbingu nyeupe. Kwa mkulima wa Nakuru au Eldoret maneno hayo yana maana. Yakiletwa hapa kisiwani kama yalivyo, yanaharibu mahindi.

Tatizo liko kwenye hewa yenyewe. Punje ya mahindi, hata baada ya kukaushwa vizuri, haikai na maji yaleyale siku zote. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, punje huuvuta. Hewa ikiwa kavu, punje huutoa, mpaka pande mbili zilingane. Katika joto kama letu, mahindi yaliyozungukwa na hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hutulia karibu na asilimia 13 ya maji, na hapo yako salama. Unyevu wa hewa ukifika asilimia 80, mahindi hupanda hadi 15 na kupita. Kuvu huanza kuota pale hewa iliyo katikati ya punje inapovuka asilimia 70 hivi. Sasa tazameni hali yetu: alfajiri hewa ya Mombasa huweza kukaribia asilimia 90, na hata adhuhuri kwa kawaida haishuki sana chini ya 60. Gunia la katani lililoachwa wazi kwenye baraza ya ghorofani, palipo na upepo mzuri wa bahari, linanyweshwa maji kila usiku.

Tulipigie hesabu. Chukua gunia la kilo 90 lenye mahindi yaliyokaushwa hadi asilimia 13. Ndani yake mna kilo 78 na kitu za chakula chenyewe, na zilizobaki ni maji. Yakipanda hadi asilimia 15 na nusu, gunia lile litakuwa na kilo karibu 93. Limeongezeka kilo mbili na nusu au zaidi, na tone la mvua halijaligusa. (Anayeuza kwa mizani hatakimbilia kulalamika, lakini hilo ni somo la siku nyingine.)

Majirani zetu Wamijikenda walilijua jambo hili bila kutumia asilimia. Mahindi yao waliyaweka kwenye lutsaga, ule uchaga wa juu ya jiko, na chini yake moto wa kuni uliwaka asubuhi na jioni. Moshi uliwafukuza wadudu, lakini nadhani tunausifu moshi kupita kiasi na kuusahau moto. Hewa ikipata joto, unyevu wake unapungua kwa kulinganisha, na mahindi yaliyo juu yake yanaendelea kukauka. Nyumba za hapa Mji wa Kale sasa zinapika kwa gesi. Darini hamna moto wala moshi, kuna joto la mabati na upepo wa chumvi tu. Kwa hiyo sitawaambia warejee kwenye uchaga, kwa kuwa kilichokuwa kikifanya kazi pale ni jiko la chini, na jiko hilo halipo tena.

Wala si sisi peke yetu tunaohifadhi ndani ya nyumba. Mwaka 2004, hasa huko Makueni na Kitui, watu 317 waligunduliwa kuugua kwa sumu ya kuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na 125 kati yao walifariki. Wachunguzi walipolinganisha nyumba zilizopata wagonjwa na zile ambazo hazikupata, waliona kwamba walioathirika walikuwa wameingiza mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba walizolala badala ya kuyaacha ghalani. Mwaka wa njaa mtu anaogopa wezi, na woga huo tunaufahamu. Ila kumwambia mwenye nyumba ya vyumba viwili ajenge ghala la nje si ushauri. Tumfundishe namna ya kuyahifadhi palepale chumbani.

Kwa Mombasa, basi, video ijengwe juu ya ujumbe mmoja: *kausha kwanza, kisha ziba*. Neno la pili ndilo linalokosekana katika zile za bara. Punje ikishakauka inafungwa mbali na hewa, mdudu asipate pumzi na unyevu wa bahari usipate njia. Na mpangilio huo usigeuzwe. Akiziba kabla hayajakauka, amefungia maji ndani, na hayo maji hayana pa kwenda.

Kwa nini ujumbe mmoja, na kwa nini urudiwe kwa maneno yaleyale? Mtazamaji wa video ya mafunzo hasomi kitabu, hawezi kurudi ukurasa wa nyuma. Ukimwambia "kausha" mara ya kwanza, "anika ipasavyo" mara ya pili, na "punguza kiwango cha maji" mara ya tatu, atadhani umemfundisha mambo matatu. Mwandishi wa skripti hupenda kubadilisha maneno asichoshe watu, na tabia hiyo, nzuri magazetini, ni hasara hapa. Msimulizi aseme *kausha kwanza, kisha ziba*. Mkulima aliye kwenye picha aseme vilevile kwa kinywa chake. Maandishi yatokee kwenye kioo yakiwa hayohayo, na yakae mpaka mtu anayesoma polepole amalize. Huko Msumbiji shirika la SAWBO, linalotengeneza katuni fupi za mafunzo katika lugha nyingi za dunia, liliwaonyesha wakulima katuni juu ya kuhifadhi maharagwe ndani ya madumu yaliyofungwa. Watafiti waliporudi miaka miwili baadaye walikuta wengi bado wanazikumbuka hatua, na wengi wanazifuata. Katuni ile ilikuwa ya dakika chache tu, yenye hatua chache.

Sasa tuingie kwenye maonyesho yenyewe, maana hapo ndipo video inapozidi karatasi. Nitatumia mfano wa nyumba moja: familia ya hapa Mji wa Kale yenye shamba Kwale, imevuna mwezi wa Agosti na kuleta gunia moja la kilo 90 la mahindi yaliyopukuchuliwa, yenye maji asilimia 18. Angalieni wakati huo. Mvua za masika zimekwisha, lakini upepo ni wa kusi bado, mawingu hayaishi, na manyunyu huja bila kubisha hodi. Tungevuna wakati wa kaskazi, nusu ya mhadhara huu nisingeutoa.

Onyesho la kwanza ni kuanika. Turubai litandikwe kwenye sakafu ya juu ya nyumba, mahindi yasambazwe yawe na kina cha vidole viwili au vitatu, yageuzwe kila saa au zaidi kidogo. Hayo karibu kila video inayasema. Kinachoachwa ni saa ya kuyaondoa. Hapa kwetu hewa huanza kurudisha maji jua linapoinama, kwa hiyo mahindi yakusanywe alasiri yakiwa bado yana joto la wastani, yafunikwe ndani usiku, yatolewe tena asubuhi umande ukishaondoka. Anayeyaacha nje usiku kwa kuwa mvua haikunyesha, kesho anaanzia nyuma ya pale alipoishia jana. Kijana wa kamera, nakuomba urekodi mahali pamoja mara mbili: mchana, kisha jioni mama akikunja turubai, na saa ya ukutani ionekane. Picha hiyo inafundisha kuliko maelezo ya dakika nzima.

Gunia letu likishuka kutoka asilimia 18 hadi 13 litabaki na kilo 85 hivi. Kilo 5 zimekwenda. Video iseme hivyo waziwazi, tena impe mkulima nafasi ya kulalamika, kwa sababu atalalamika. Wengi huacha kuanika mapema wakiona debe linapungua. Ajue kwamba kilichopungua ni maji, na chakula chake chote kipo.

Onyesho la pili nalipenda kuliko yote. Ni la chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, tia mahindi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado yana maji mengi. Ikianguka chini yote, kioo kikabaki safi, mahindi yameshuka chini ya asilimia 15. Jaribio hili halina ramli. Chumvi huanza kulowa pale hewa inapofika unyevu wa asilimia 75, na hewa iliyo katikati ya mahindi ya asilimia 15 ina unyevu unaokaribia hapo. Chumvi inatusomea hewa iliyomo ndani ya chupa.

Ila ukilifanya Mombasa kama lilivyoandikwa, litakudanganya. Chumvi ya jikoni kwetu, iliyokaa kwenye kikopo kisichofungwa vizuri, imelowa kabla hujaigusa. Ukiitia chupani itashika kioo hata kama mahindi yamekauka kabisa, na mama wa watu ataanika siku tatu zaidi bure, au mbaya zaidi, atalidharau jaribio lenyewe. Basi chumvi ikaangwe kwanza kwenye kikaango bila mafuta mpaka ichururike kama mchanga, ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, ndipo itumike. Onyesho lifanywe kwa chupa mbili pamoja, moja ya mahindi mabichi na moja ya mahindi makavu, zote kwa chumvi ileile. Kamera isogee mpaka kioo kijae picha. Taa isiwe mbele ya chupa bali ubavuni, kwa sababu taa ya mbele inang'aa kwenye kioo na chembe za chumvi hazionekani.

Kuna jambo la pili ambalo msimulizi asilifiche. Chupa inakuambia umeshuka chini ya 15. Haikuambii umefika 13, na mahindi ya kuzibwa yanahitaji 13 au karibu yake. Sheria ya Kenya inakubali yasizidi 13 na nusu. Kwa hiyo, baada ya chupa kuwa safi, anika tena kutwa nzima yenye jua la kweli. Mwenye uwezo, au kikundi kikichanga, anunue kile kifaa kidogo cha betri cha kupima unyevu wa hewa. Kitiwe pamoja na mahindi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kikae saa moja au zaidi kivulini, kisha kisomwe. Kikisema 65 au chini yake, ziba.

Onyesho la tatu ni kuziba. Mifuko inayojulikana zaidi ni ile ya PICS, iliyotokana na utafiti wa kuhifadhi kunde uliofanywa Kameruni kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na Profesa Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue na wenzake. Ina mifuko miwili mizito ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, na gunia la kawaida la nailoni kwa nje. Mdudu aliyefungiwa humo anapumua mpaka hewa safi inapungua, halafu anaacha kula. Wengi wanadhani anakufa kwa kukosa pumzi. Murdock na wenzake walionyesha kwamba kwa kiasi kikubwa anakufa kwa kiu: mdudu wa ghalani hanywi maji, anayatengeneza mwilini kutokana na chakula na hewa, na hewa ikipungua kisima chake kinakauka. Hili liingie kwenye video. Mtu akielewa kwamba mdudu ndiye anayemaliza hewa yake mwenyewe, hatatafuta dawa ya unga ya kutia humo ndani.

Lakini kwa nyumba za Mji wa Kale mimi nachagua dumu. Gunia la kilo 90 halipandi ngazi zetu nyembamba, na mfuko ukikwaruzwa na mlango wa zamani wenye misumari umekwisha. Kuna dumuzi pia, yule aliyeingia Kenya kupitia Taveta, akaonekana huko mwaka 1983. Huyo anaweza kutoboa plastiki ya mfuko, lakini ukuta mgumu wa dumu unamshinda. Na jambo kubwa zaidi ni matumizi. Mfuko mmoja ukifunguliwa kila siku kwa ajili ya kibaba cha kusaga, kila siku unaingiza hewa ya bahari. Dumu la lita 20 linachukua kilo 14 hadi 15 za mahindi. Kilo zetu 85 zinaingia kwenye madumu sita. Moja linafunguliwa na kuliwa, matano yanabaki yamefungwa.

Dumu liwe lililokuwa na mafuta ya kupikia au maji, kamwe lisiwe la mafuta ya taa wala la dawa ya shambani. Lijazwe maji, lifungwe, ligeuzwe kichwa chini. Likivuja kwenye mfuniko, tia lastiki au lifanye la maji. Halafu likaushwe kabisa, siku mbili mdomo wazi juani, kwa sababu kijiko kimoja cha maji kilichobaki pembeni kinatosha kuanzisha kuvu. Mahindi yatiwe yakiwa yamepoa, si ya moto kutoka turubaini, yasije yakatoa jasho ndani. Dumu lipigwepigwe ubavuni yashuke, lijazwe hadi shingoni. Dumu lenye nusu ya mahindi na nusu ya hewa linawapa wadudu muda mrefu wa kuishi. Likaziwe mfuniko, liandikwe tarehe, liwekwe juu ya ubao, mbali na ukuta unaotoa unyevu. Kuta zetu za matumbawe mnazijua.

Vijana, hapa msikate picha. Wahariri hupenda kufupisha: mikono inajaza, ghafla dumu limefungwa, muziki. Kufunga kuonekane kote, bila haraka, kamera ikiwa nyuma ya bega la anayefunga ili mtazamaji aone mikono ile kama yake. Ukimrekodi kwa mbele, kulia kunakuwa kushoto, na mtu anayejifunza kusokota mdomo wa mfuko anachanganyikiwa. Mkimaliza, itazameni video nzima bila sauti. Halafu isikilizeni bila picha. Kama ujumbe haukufika katika mojawapo, rudini kazini, maana ukumbini kuna atakayekaa nyuma asione, na kuna atakayekuwa na mtoto analia asisikie.

Mwenye video awe mkweli pia juu ya kisichowezekana. Kuziba hakuondoi sumukuvu iliyokwisha kuingia. Jua haliiondoi, kupika ugali hakuiondoi. Mahindi yaliyolowa shambani wiki mbili, yakaota kuvu, hayaponywi na dumu lolote. Punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizoliwa zitolewe kabla ya kuanika, na hilo linapunguza hatari, ingawa punje inaweza kuwa safi machoni na bado ikawa na sumu, na maabara pekee ndiyo inayojua. Wala zile zilizotolewa zisipewe kuku au ng'ombe, kwa sababu sumu aliyoila ng'ombe inaingia kwenye maziwa. Na aliyeziba mahindi yenye maji atajua siku ya kufungua: harufu ya chachu itampiga puani, punje zitakuwa zimeshikana, na akitia mkono ndani huenda akahisi joto. Hayo yasipepetwe, yasichanganywe na mazuri. Yaondolewe chakulani.

Nimalizie na jambo la bajeti, kwa kuwa ndilo linalosahaulika. Video nyingi za kuhifadhi nafaka hurekodiwa kwa siku moja, kwa hiyo siku ya kufungua huigizwa palepale: dumu lililofungwa asubuhi linafunguliwa alasiri na mkulima anatabasamu. Watazamaji wa Mombasa si watoto. Tengeni pesa za kurudi katika nyumba ileile baada ya miezi mitatu, karibu Novemba au Desemba, na mrekodi dumu la pili likifunguliwa kwa mara ya kwanza mbele ya kamera. Mahindi yachekechwe ili wadudu waliokufa waonekane kwenye sinia na wahesabiwe, chupa ya chumvi itikiswe tena, na karibu yake iwekwe bakuli ya mahindi yaleyale yaliyokaa wazi barazani muda wote huo. Kama dumu moja kati ya sita limeharibika, liacheni ndani ya video, mwenye nyumba aeleze mfuniko ulikuwaje.